Yaktubu, yaktuba, yaktub: mwisho wa kitenzi unamtii nani?

Kuna sentensi moja ambayo walimu wa nahau ya Kiarabu wameifundisha kwa karne nyingi, na ndani yake hamna zaidi ya samaki na maziwa. Mtu anamkataza mwenzake: usile samaki, kisha anaongeza neno juu ya kunywa maziwa. Katika maandishi ya kawaida ya Kiarabu, yasiyotiwa alama za irabu, sentensi hiyo ni moja tu. Msomaji akitamka mwisho wa kitenzi cha kunywa kwa “u”, samaki amekatazwa na maziwa ni halali. Akitamka kwa “a”, kila kimoja ni halali kikiwa peke yake, bali visichanganywe. Akiondoa irabu kabisa, vyote viwili vimekatazwa. Herufi hazikubadilika. Kilichobadilika ni mwisho wa neno moja, na mlaji amepata hukumu tatu.

Tutarudi kwa huyo samaki. Kwanza inabidi tujue irabu hiyo ya mwisho hutoka wapi, kwani wengi tuliopita katika vyuo vya pwani, kuanzia Lamu hadi Unguja, tuliikariri kabla ya kuielewa. Kitabu kilichotumika ni Al-Ajurumiya, kijitabu chembamba cha Ibn Ajurumu wa Fesi, Morocco, aliyefariki mwaka 1323. Humo mtoto hukuta orodha mbili: maneno kumi yanayokifanya kitenzi kiishie “a”, na maneno kumi na manane yanayokinyima irabu. Orodha huingia kichwani kwa sauti ya kuimba, na hapo mara nyingi safari hukoma.

Kitenzi chenyewe kinaitwa mudhari. Ndicho kitenzi cha Kiarabu cha jambo linalotendeka sasa au litakalotendeka baadaye: yaktubu, anaandika au ataandika. Kina hali tatu. Hali ya rafu huishia kwa dhuma, yaani “u”: yaktubu. Hali ya nasbu huishia kwa fataha, yaani “a”: yaktuba. Hali ya jazmu huishia kwa sukuni, yaani bila irabu: yaktub. (Hapa nitaandika Kiarabu kwa tahajia yetu, na irabu ndefu nitaiandika mara mbili, kwa kuwa urefu wake utatuhusu sana.)

Mswahili anapokutana na hali hizi hukimbilia alichonacho. Sisi pia hubadilisha mwisho wa kitenzi: anaandika, lakini nataka aandike. Basi mtu husema moyoni, nasbu ni ile “-e” yetu. Mwanzoni mambo humnyookea. Uriidu an yaktuba ni nataka aandike. Jaa’a li-yaktuba ni amekuja ili aandike. Kisha anakutana na lan yaktuba, yenye maana ya hataandika, na “-e” yake haionekani popote. Anaendelea mbele anakuta li-yaktub, “na aandike”, amri kwa mtu asiyekuwepo. Hapo Kiswahili kinatia “-e” bila wasiwasi, lakini Kiarabu kimeacha nasbu kikaenda kwenye jazmu. Na lam yaktub ni hakuandika, habari ya jana iliyovaa kitenzi cha leo.

Kinachomkwaza ni kutafuta maana palipo na mtawala. Katika nahau ya Kiarabu, mwisho wa mudhari huamuliwa na neno lililotangulia, ambalo wanazuoni huliita amili, yaani mtendaji kazi. Neno an linaleta nasbu. Neno lan linaleta nasbu. Neno lam linaleta jazmu. Kitenzi hakiulizwi kama kinasimulia matakwa, shaka au habari ya hakika. Kinaulizwa ni nani amesimama mbele yake. Ukilishika hili, nusu ya kazi imekwisha, na nusu iliyobaki ni kuwatambua hao wanaosimama mbele.

Rafu ndiyo rahisi kuliko zote, kwa sababu haihitaji mtu. Kitenzi kisipotanguliwa na amili wa nasbu wala wa jazmu, kinakaa kwenye dhuma yake. Maneno mengine yanaweza kumtangulia bila kumgusa. Sa-yaktubu, ataandika, kina “sa” ya wakati ujao, nayo haifanyi kazi yoyote mwishoni. Hal yaktubu, je, anaandika, ni hivyo hivyo. Laa yaktubu, haandiki, pia ni rafu, na hiyo laa tuiwekee alama kwa kuwa ina pacha wake anayeleta matata.

Kabla ya kwenda kwa maamili, kuna jambo ambalo orodha za kukariri hulipitia haraka, nalo ndilo linalowaangusha wanafunzi wengi. Hali hizi hazionekani kwa “u”, “a” na sukuni peke yake. Vitenzi vya wawili, vya wengi wanaume, na vya mwanamke mmoja anayesemeshwa vina alama nyingine: herufi ya nuni mwishoni. Yaktubuuna, wanaandika, ni rafu, na alama ya rafu yake ni kuwepo kwa ile nuni. Ikija lan au lam, nuni inaanguka: lan yaktubuu, hawataandika; lam yaktubuu, hawakuandika. Nasbu na jazmu hapa zinafanana kabisa, na hakuna jicho wala sikio linaloweza kuzitenganisha ila kwa kuangalia neno lililotangulia. Vivyo hivyo taktubiina, unaandika wewe mwanamke, huwa taktubii, na yaktubaani, wanaandika wawili, huwa yaktubaa. Umbo la wengi likiisha kuangusha nuni, mwandishi huongeza alifu baada ya wau, alifu isiyotamkwa. Hiyo huwa kama bendera kwa msomaji kwamba nuni ilikuwepo na imeondoshwa.

Kundi jingine ni vitenzi vyenye irabu ndefu mahali pa herufi dhaifu. Yarmii, anatupa, huishia irabu ndefu. Dhuma yake haitamkwi kwa sababu ni nzito ulimini baada ya “ii”, lakini fataha ni nyepesi na inatamkwa: lan yarmiya, hatatupa. Jazmu haina irabu ya kuiondoa, basi inakata ule urefu: lam yarmi, hakutupa. Na vitenzi ambavyo herufi dhaifu iko katikati, kama yazuuru, anazuru, hufanya jambo la kupendeza. Kwenye nasbu hubaki kama vilivyo: lan yazuura. Kwenye jazmu, sukuni ya mwisho inakutana na irabu ndefu iliyoitangulia, na Kiarabu hakipendi viwili visivyo na mwendo vifuatane, kwa hiyo wau ya katikati inadondoka: lam yazur. Wanaosoma Sura ya Ikhlas wanalitamka jambo hili kila siku. Sura hiyo fupi ina vitenzi vitatu vilivyotanguliwa na lam, na cha mwisho ni yakun, ambacho bila lam kingekuwa yakuunu. Hakuna aliyekosea kuandika. Ni jazmu imepita hapo.

Sasa maamili wa nasbu. Ibn Ajurumu anawahesabu kumi, akifuata mwelekeo wa wanahau wa Kufa. Wenzao wa Basra walikuwa na hesabu fupi, na mimi naiona inamfaa zaidi anayeanza: wanaofanya nasbu kwa nguvu zao wenyewe ni wanne tu, yaani an, lan, kay na idhan. Waliobaki, kama li ya “ili” na hattaa ya “mpaka”, wanafanya nasbu kwa sababu an imejificha nyuma yao. Ukisikia li-yaktuba, Mbasra anakwambia kwamba ndani yake mna li-an yaktuba, na kweli umbo hilo kamili linatumika.

An ndiyo mama wao. Hufuata vitenzi vya kutaka, kuogopa, kutumaini, kuamuru na kuweza: uriidu an yaktuba, nataka aandike; akhshaa an yaktuba, nachelea asije akaandika. Ila kuna an nyingine, pacha yake kwa umbo, ambayo ni ufupisho wa anna, “kwamba”. Hiyo hufuata vitenzi vya kujua kwa yakini, na haileti nasbu. Alimtu an sa-yaktubu, nimejua kwamba ataandika, ina rafu, na mara nyingi hiyo an hutenganishwa na kitenzi kwa kineno kama “sa” ili watu wasiichanganye na ya kwanza. Baada ya kitenzi cha kudhani, njia zote mbili zinapita, kwa kuwa dhana iko katikati ya matumaini na yakini. Mwanafunzi aliyekariri kwamba an huleta nasbu atakwama hapa, na kosa si la orodha. Ni kwamba neno moja la maandishi lina wenyewe wawili.

Kuhusu lan kulizuka ubishi uliotoka nje ya nahau ukaingia katika itikadi. Lan inakanusha wakati ujao: hataandika. Je, ina maana ya hataandika kamwe? Zamakhshari, mwanazuoni wa Khwarazimi aliyefariki mwaka 1144, anatajwa kuwa alisema lan inakanusha milele. Alikuwa Mu’tazila, na madhehebu yake iliona kwamba Mungu haonekani kwa macho, si duniani wala akhera. Katika Sura ya Aarafu, Musa alipoomba kumwona Mola wake, jibu alilopewa lilikuja kwa lan. Ikiwa lan ni ya milele, hoja ya Mu’tazila imepata mguu wa kusimamia ndani ya sarufi.

Ibn Hishamu wa Misri, aliyefariki mwaka 1360, alilijibu kwa nahau bila kuingia katika mabishano ya kidini. Katika Sura ya Maryamu, mama yake Isa anafundishwa kusema kwamba hatamsemesha mtu siku hiyo. Kanusho ni la lan, na pamoja nalo limetajwa neno “leo”. Jambo la milele haliwekewi mpaka wa leo. Na kwingineko lan imekuja pamoja na neno “abadan”, daima, ambalo lingekuwa ziada tupu kama umilele ungekuwa tayari ndani ya lan. Kwa hiyo lan inakanusha yajayo, basi. Muda wake unajulikana kwa maneno yanayoizunguka. Ninapenda jibu hilo kwa sababu linaonyesha wanahau walivyofanya kazi: walipima neno kwa mahali lilipotumika, hawakulipima kwa walichotaka limaanishe.

Upande wa jazmu, maamili wanagawanyika makundi mawili: wanaoshika kitenzi kimoja na wanaoshika viwili.

Wanaoshika kimoja ni wanne wa msingi: lam, lammaa, li ya amri na laa ya katazo. Na hapa Kiswahili, kilichotupoteza kwenye “-e”, kinatulipa fidia. Tofauti ya lam na lammaa huwasumbua wageni wengi, lakini sisi tunayo tangu utotoni. Lam yaktub ni hakuandika. Lammaa yaktub ni hajaandika. Lam inakanusha jambo lililopita na kuliacha huko. Lammaa inakanusha hadi dakika hii ya kusema, huku msemaji akitazamia kwamba huenda litatokea. Ndiyo maana kama umeulizwa juu ya mtu aliyekwisha kufa bila kuandika wasia, Kiarabu fasaha kitakupa lam, kama Kiswahili kinavyokataa “hajaandika wasia” kwa marehemu. Kuna tahadhari moja tu: lammaa yenye kitenzi cha wakati uliopita ina maana ya “alipo-”, wala haihusiani na jazmu.

Wanaoshika viwili ni maneno ya sharti. In tazurnii ukrimka, ukinizuru nitakukirimu. In imetia jazmu vitenzi vyote viwili, cha sharti na cha jibu: tazuuru imepoteza wau yake ikawa tazur, na ukrimu imebaki ukrim kabla ya “ka” ya wewe. Wengine wa kundi hili ni man, yeyote, maa, chochote, mataa, wakati wowote, aynamaa, popote. Wote wanabeba maana ya in ndani yao. Lakini idhaa, ambayo nayo hutafsiriwa “iki-” au “ukifika wakati”, haileti jazmu katika maneno ya kawaida, isipokuwa washairi walijiruhusu. Ibn Ajurumu mwenyewe ameiweka mwishoni mwa orodha yake kwa sharti hilo. Sababu inayotolewa na wanahau inaingia akilini: in ni ya jambo lenye shaka, huenda likawa na huenda lisiwe, na idhaa ni ya jambo ambalo msemaji anatarajia litakuja, kama jua kuchwa.

Hadi hapa tumekwenda upande mmoja: neno la mbele linaamua mwisho. Yako maneno machache ambayo ni mawili kwa jina moja, na hapo mambo yanageuka. Mwisho wa kitenzi ndio unaotwambia neno la mbele ni lipi. Laa taktubu ni huandiki, habari tu. Laa taktub ni usiandike. Li-yaktuba ni ili aandike. Li-yaktub ni na aandike. Ukikosea mwisho, umegeuza habari kuwa amri.

Sasa samaki wetu. Sentensi ni Laa ta’kuli s-samaka wa tashrab, kisha l-labana, maziwa. Kitenzi cha kwanza hakina mjadala: laa ni ya katazo na ta’kul ni majzumu. Usishangae kuona “i” mwishoni mwake. Sukuni imekutana na lamu ya “al-” ambayo nayo haina irabu, na ili ulimi upite, Kiarabu huazima kasra, yaani “i”, ya muda. Kitenzi hakina hali ya kasra hata siku moja. Ukisikia “i” ya namna hiyo mwishoni mwa kitenzi kizima kabla ya “al-”, jua ni jazmu iliyovaa vazi la kupitia njiani.

Kazi iko kwenye wa, “na”. Ikiwa inaunganisha kitenzi cha pili na cha kwanza, basi laa inawashika wote wawili, na cha pili kinakuwa majzumu: wa tashrabi l-labana. Usile samaki, wala usinywe maziwa. Ikiwa wa ina maana ya “pamoja na”, nyuma yake kuna an iliyojificha, na kitenzi ni mansubu: wa tashraba l-labana. Usile samaki huku unakunywa maziwa. Kinachokatazwa ni kuvikutanisha, na anayekula samaki mchana akanywa maziwa jioni hajavunja agizo. Ikiwa wa inaanza habari mpya, katazo limeishia kwa samaki, na kitenzi kinarudi kwenye rafu yake kwa kukosa amili: wa tashrabu l-labana. Usile samaki, maziwa kunywa. Mtaani kwetu, ambako samaki huliwa na tui la nazi bila kuulizana, hukumu hizi hazimhusu mpishi, lakini zinamhusu kila anayesoma mkataba, fatwa au wasia ulioandikwa bila alama.

Hattaa ina tabia ya jirani na hiyo. Ikiwa kilicho baada yake bado hakijafika ukilinganisha na kilicho kabla yake, kitenzi ni mansubu: nitakaa hattaa yaktuba, mpaka aandike. Ikiwa kilicho baada yake kimekwisha kuwa, nacho ni tokeo la kilicho kabla, kitenzi ni marfuu. Mfano wa zamani ni wa mgonjwa: ameugua hattaa hawamtumainii tena. Kukata tamaa kwao si jambo la kungojwa. Kumeshakuwa, na kitenzi kinabaki kwenye rafu. Wasomaji wa Qurani nao wanatofautiana mahali pamoja kwa sababu hii. Katika aya ya 214 ya Sura ya Bakara inatajwa jamaa waliotikiswa na mateso mpaka Mtume na walioamini pamoja naye wakauliza nusura ya Mungu itakuja lini. Kisomo cha Hafsi, tunachokijua wengi Afrika Mashariki, kinatia kitenzi cha kusema fataha baada ya hattaa. Nafiu, imamu wa kisomo wa Madina ambaye njia yake ya Warshi inasomwa Morocco, anakitia dhuma. Aliyetia fataha amelitazama neno lile kutoka ndani ya mateso, likiwa bado mbele. Aliyetia dhuma amelisimulia kama tukio lililo mbele ya macho yake. Maneno ni yale yale na kisa ni kile kile.

Tuchukue barua fupi tuone mambo haya yakifanya kazi mahali pamoja. Kijana anaandika: Yaskunu ammii fii Laamuu. Lam yazurnaa haadhihi s-sana, wa yuriidu ikhwatii an yusaafiruu ilayhi. Wa kataba abii: laa tusaafiruu l-yawma, wal-yaktub ilayhi ahadukum. Maana yake ni kwamba ami yangu anaishi Lamu. Hakutuzuru mwaka huu, na ndugu zangu wanataka wasafiri waende kwake. Na baba akaandika: msisafiri leo, na mmoja wenu amwandikie.

Yaskunu haina kitu mbele yake, basi ni rafu kwa dhuma. Yazurnaa imetanguliwa na lam. Kitenzi ni yazur, wau yake imedondoka, na “naa” ni sisi. Yuriidu ni rafu tena. Angalia kwamba kiko katika umoja ingawa wanaotaka ni wengi, kwa kuwa Kiarabu kikimtanguliza kitenzi kabla ya mtendaji hukiacha katika umoja. Watendaji wakishatajwa, kitenzi kinachofuata kinawahesabu: yusaafiruuna. Mbele yake ipo an, hivyo nuni imeanguka, ikabaki yusaafiruu. Hii ni nasbu, na alama yake ni kukosekana kwa nuni. Kisha tusaafiruu, nayo imepoteza nuni, lakini kwa sababu ya laa ya katazo, hivyo ni jazmu. Maneno mawili yenye mwisho mmoja, hali mbili. Mwisho ni yaktub, yenye li ya amri ambayo baada ya wa hupoteza irabu yake ikawa wal.

Pale penye tusaafiruu l-yawma pana mtego. Ukisoma kwa sauti, “uu” ndefu hufupika kabla ya “al-”, na msikilizaji anasikia tusaafiru l-yawma, ambayo kwa sikio ni sawa na “unasafiri leo”, mtu mmoja, rafu. Kama laa iliyotangulia imemponyoka, atafahamu kinyume cha alichoandika baba. Karatasi inamwokoa: kwenye maandishi zipo wau na ile alifu isiyotamkwa, na hazimo katika umbo la umoja.

Hiyo ndiyo sababu nasema anayejifunza kusoma bila alama aanze na vitenzi vya nuni na vitenzi dhaifu, hata kama vitabu huanza na yaktubu. Katika gazeti la Kiarabu, yaktubu, yaktuba na yaktub huandikwa kwa herufi zile zile nne, na jicho halina la kushika. Lakini wau iliyotoweka katikati ya yakun, irabu ndefu iliyokatwa mwishoni mwa yarmi, na nuni iliyoacha alifu nyuma yake, vyote vinaonekana. Ukiisha kuzoea kuviona, unarudi nyuma neno moja na kumkuta amili ameketi hapo.

Sikio lina mipaka yake pia. Msomaji anapotua mwishoni mwa sentensi, irabu fupi ya mwisho huachwa, na yaktubu, yaktuba na yaktub zote huwa yaktub. Anayesikia mwisho mkavu mahali pa kituo asikimbilie kusema jazmu. Na anayekwenda Maskati au Kairo akitegemea kuzisikia hali hizi sokoni hatazisikia, kwani lahaja za mazungumzo zilikwisha kuziacha. “U” na “a” za mwisho zinabaki katika kisomo, hotuba, habari za redio na maandishi. Yapo pia maumbo ambayo hata katika Kiarabu fasaha hayamsikilizi amili yeyote. Yaktubna, wanaandika wanawake, hubaki yaktubna mbele ya lan na mbele ya lam, kwa sababu nuni yake ni jina la watendaji, si alama ya rafu. Mwanafunzi akiiangusha kwa bidii ya kufuata kanuni, atakuwa amewafuta wanawake wenyewe kutoka kwenye sentensi.